Muhtasari wa tibakemikali: andika dawa iliyoingia mwilini, siyo iliyopangwa

*"Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu kijana kwenye kliniki ya saratani. Nimepewa faili la mama aliyemaliza tibakemikali ya saratani ya titi, AC halafu paklitakseli, niandike muhtasari wa ukurasa mmoja. Ndani kuna maandishi ya kila mzunguko, chati za wauguzi na majibu ya damu, na mengine hayakubaliani. Nilifupisha kila mzunguko kwa sentensi chache, zikatoka kurasa tatu, na bado sijui jumla ya dozi ni ngapi wala madhara niyape daraja gani. Nianzie wapi?"*

Marahaba. Kurasa tatu zimetoka kwa sababu ulichofupisha ni maandishi yenyewe, na maandishi ya kliniki hayafupiki vizuri. Yaliandikwa kumsaidia daktari aamue jambo la siku ile: je, leo apewe dawa au asubiri? Muhtasari unamsaidia mtu mwingine kabisa, yule atakayempokea mama huyu baada ya miaka mitano, ugonjwa ukiwa umerudi au moyo umeanza kulegea. Huyo atataka kujua mambo manne. Alipewa dawa gani? Jumla ya kila dawa iliyoingia mwilini ni kiasi gani? Zilimdhuru vipi, na nini kimebaki? Na pale mpango ulipobadilika, ulibadilika kwa nini? Sentensi isiyojibu mojawapo ya hayo iache ndani ya faili, hata kama ni ya kweli na imeandikwa vizuri.

Anzia kwenye chati ya muuguzi ya utoaji wa dawa, kabla hujasoma maandishi ya daktari. Kila dozi katika faili ina sura tatu: ile ya mpango, ile iliyoagizwa siku ya kliniki, na ile iliyotolewa kwenye mshipa. Siku nyingi zote tatu ni namba moja, ndiyo maana watu huzichanganya. Siku zinapotofautiana, muhtasari unafuata iliyotolewa. Daktari anaweza kuwa ameandika "endelea na dozi ileile" huku mfamasia akiwa ameshaongea naye kwa simu na dozi ikashushwa. Dripu inaweza kusimamishwa katikati kwa sababu mgonjwa amepata mzio. Na katika mifumo ya kompyuta, maandishi ya mzunguko uliopita hunakiliwa kwenye mpya, dozi ya zamani ikiwemo. Muuguzi aliyetundika dripu ndiye aliyeandika alichokitundika, na saa aliyokitundika.

Faili lako sijaliona, kwa hiyo nimeunda mfano unaoelekea kufanana nalo. Chukua karatasi tupu, kila mzunguko uupe mstari mmoja: tarehe ya kutolewa, miligramu za kila dawa, eneo la mwili lililotumika kukokotoa, na dozi kwa mita ya mraba. Mama wa mfano wetu ana eneo la mwili la mita za mraba 1.60, na uzito wake haukubadilika sana. Mpango wake ni AC mara nne kila baada ya siku 21: doksorubisini mg 60 na saiklofosfamidi mg 600 kwa mita ya mraba. Hiyo ni mg 96 na mg 960 kila mzunguko.

Mzunguko wa kwanza, tarehe 8 Januari, chati inaonyesha mg 96 na 960. Wa pili, 5 Februari, inaonyesha mg 77 na 770. Wa tatu, 3 Machi, na wa nne, 24 Machi, zimerudi 96 na 960, pamoja na sindano za filgrastimu za kuinua chembe nyeupe. Ukisoma maandishi ya daktari peke yake utakuta mzunguko wa pili umeandikwa "AC, dozi imepunguzwa asilimia 20", na wa tatu "endelea dozi ileile". Ileile ipi? Ya mzunguko wa kwanza au ya wa pili? Chati inakujibu. Kwa sababu hiyo usiandike asilimia za kupunguza kwenye muhtasari. Dozi ikishushwa mara mbili, hakuna atakayejua kama asilimia 20 ya pili ilihesabiwa kutoka dozi ya mwanzo au kutoka ile iliyokwisha kushushwa. Andika namba yenyewe: mg 48 kwa mita ya mraba.

Sasa jumlisha. Doksorubisini: 60 na 48 na 60 na 60 ni mg 228 kwa mita ya mraba, badala ya 240 zilizopangwa. Jumla iwe kwa mita ya mraba, isiwe miligramu tupu, kwa sababu mipaka ya usalama wa moyo imewekwa hivyo. Madhara ya doksorubisini kwa misuli ya moyo hujilimbikiza maisha yote, hayaanzi upya mgonjwa akibadilisha hospitali. Takwimu zinazotumika sana zinakadiria kuwa moyo hushindwa kwa takriban asilimia 5 ya wagonjwa wakifikia mg 400 kwa mita ya mraba, na asilimia 26 wakifikia 550. Daktari wa baadaye akitaka kurudia dawa ya jamii hiyo, atatoa 228 kwenye kikomo chake ajue amebakiwa na nafasi kiasi gani. Kama mama huyu aliwahi kupewa doksorubisini au dawa ndugu yake zamani, hata kwa saratani nyingine, nayo lazima itajwe.

Wengine watakuambia kuandika "AC mizunguko 4" kunatosha. Kwa usalama wa moyo wa mama huyu, tofauti ya 228 na 240 ni ndogo, sitakuficha. Lakini tazama dawa ya pili. Paklitakseli ilipangwa mg 175 kwa mita ya mraba mara nne. Chati zinaonyesha 175 tarehe 14 Aprili, 175 tarehe 5 Mei, 140 tarehe 26 Mei, halafu mzunguko wa nne haukutolewa. Jumla ni 490 kati ya 700. Anayesoma "AC kisha paklitakseli, amemaliza" ataamini mgonjwa alipata dawa yote, kumbe amekosa karibu theluthi yake. Ugonjwa ukirudi, kuna tofauti kubwa kati ya saratani iliyoishinda paklitakseli kamili na saratani iliyokutana na sehemu yake tu.

Kwenye ucheleweshaji kuna kosa ambalo nalikuta mara nyingi kuliko mengine yote. Mzunguko wa pili ulitakiwa 29 Januari, ukatolewa 5 Februari: umechelewa siku 7. Wa tatu unahesabiwa kutoka wapi? Unahesabiwa kutoka siku ya pili ilipotolewa kweli, yaani 5 Februari. Siku 21 baadaye ni 26 Februari, ukatolewa 3 Machi: umechelewa siku 5. Wa nne ulitakiwa 24 Machi na ulitolewa siku hiyohiyo, haukuchelewa. Jumla ni siku 12. Lakini anayelinganisha kila mzunguko na kalenda ya mwanzo ataandika siku 7, kisha 12, kisha 12, na jumla yake itafika 31. Mgonjwa aliyepata shida moja kubwa na kikwazo kimoja kidogo ataonekana kama aliyeshindwa kila mara. Namna ya kujikagua ni rahisi: tofauti kati ya tarehe ya mwisho ya kweli na tarehe ya mwisho ya kalenda ya mwanzo lazima ilingane na jumla ya ucheleweshaji wako. Kalenda ya mwanzo ilimaliza AC 12 Machi, ilivyokuwa ni 24 Machi, tofauti siku 12. Imekubali.

Kila ucheleweshaji uandikiwe sababu, na sababu hizo ziko za aina mbili. Wiki ya kwanza ilipotea kwa sababu nyutrofili zilikuwa 0.9 × 10⁹ kwa lita siku ya kliniki, na hilo ni jambo la mwili wa mgonjwa. Siku tano za Machi zilipotea kwa sababu dawa ilikuwa haijafika, na hilo ni jambo la mfumo. Ukiandika tu "ulichelewa", daktari wa baadaye atadhani uboho wake haustahimili, na huenda akampunguzia dozi bila sababu.

Utakutana pia na wakubwa wanaotaka kipimo kinachounganisha dozi na muda, yaani mgonjwa alipata sehemu gani ya ukali wa tiba uliopangwa. Kwa doksorubisini hapa alipata 228 kwa siku 96, wakati mpango ulikuwa 240 kwa siku 84:

```
(228 / 240) × (84 / 96) = 0.83
```

Mzunguko wa mwisho nao umehesabiwa siku zake 21, ndiyo maana 84 na 96. Asilimia 83 iko chini kidogo ya 85, mstari unaotajwa sana kwa tiba ya kuponya saratani ya titi. Mstari huo umetokana zaidi na tafiti zilizoangalia nyuma kwenye mafaili, kwa hiyo usiuchukulie kama ukuta. Mimi huiandika namba hii pale tu lengo lilipokuwa kuponya, na huiweka kando ya dozi na tarehe, kamwe haichukui nafasi yake. Msomaji mwenye dozi na tarehe anaweza kuikokotoa mwenyewe. Mwenye asilimia tupu hawezi kurudi nyuma.

Tuje kwenye madaraja ya madhara. Kipimo ninachotumia hapa ni CTCAE cha Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, toleo la 5 la mwaka 2017: daraja la 1 ni jepesi, la 2 la wastani, la 3 kali, la 4 linahatarisha maisha, la 5 ni kifo. Taja toleo ulilotumia, kwa kuwa baadhi ya maelezo yalibadilika kutoka toleo la 4. Na daraja unaloandika ni lile baya kuliko yote lililofikiwa katika mzunguko, hata kama siku ya kliniki mgonjwa alikuwa ameshapona.

Hapa ndipo maandishi ya mizunguko yanapopotosha. Mama wetu alilazwa siku ya 10 baada ya dozi ya kwanza, joto 38.6, nyutrofili 0.3. Habari hiyo huikuti kwenye maandishi ya mzunguko wa kwanza, maana yaliandikwa siku aliyopewa dawa akiwa mzima. Iko kwenye maandishi ya mzunguko wa pili: "alilazwa kwa homa, amepona". Anayefupisha haraka ataiweka kwenye mzunguko wa pili, na itaonekana kana kwamba homa ilikuja baada ya dozi kupunguzwa. Ukweli ni kinyume: ni dozi kamili bila filgrastimu iliyomlaza, na baada ya hapo hakulazwa tena. Madhara ni ya dozi iliyoyasababisha. Kwa hiyo kila unapojaza mstari wa mzunguko, soma pia maandishi ya mzunguko unaofuata na karatasi ya ruhusa ya wodini.

Madaraja yake ni mawili, tena tofauti. Nyutrofili 0.3 peke yake ni daraja la 4 kwa toleo hilo la 5, kwa sababu iko chini ya 0.5. Homa yenye upungufu wa nyutrofili ina mstari wake: nyutrofili chini ya 1.0 pamoja na joto lililozidi 38.3 mara moja, au 38.0 na kuendelea kwa zaidi ya saa moja. Hiyo ni daraja la 3, na inakuwa la 4 pale tu maisha yanapokuwa hatarini, kwa mfano presha ikiporomoka. Andika yote mawili. Hakikisha pia namba uliyoisoma ni ya nyutrofili, siyo jumla ya chembe nyeupe. Kwenye karatasi za maabara namba hizo mbili zinakaa karibu, zikitenganishwa na mistari michache tu. Na pale ambapo damu haikupimwa katikati ya mzunguko, usiandike "hakupata upungufu". Andika kwamba vipimo ni vya kabla ya dozi tu.

Kinachokusumbua zaidi, nadhani, ni pale maandishi yanapopingana, na kwa mgonjwa wa paklitakseli mara nyingi mzozo huwa kwenye ganzi ya mikono na miguu. Chukua mfano huu. Daktari, tarehe 16 Juni: "Niuropathia daraja la 2, tunasitisha paklitakseli." Muuguzi, siku hiyohiyo: "Anashindwa kufunga vifungo vya nguo, mumewe ndiye anayemvalisha." Kipimo kinatenganisha daraja la 2 na la 3 kwa kazi ambazo mgonjwa ameshindwa. Akishindwa kupika, kununua mahitaji, kutumia simu au kushughulikia pesa, ni la 2. Akishindwa kujihudumia mwenyewe, yaani kuoga, kuvaa, kula au kwenda chooni, ni la 3. Maneno ya muuguzi yanaelekeza la 3.

Usilibadilishe kimyakimya, na usilinakili la 2 kana kwamba hukuona. Aliyemwona mgonjwa ni wao, wewe umeona karatasi. Andika daraja alilotoa daktari, weka maelezo ya muuguzi pembeni, andika wazi kuwa havilingani, halafu mpelekee daktari athibitishe. Vivyo hivyo pale faili linaposema "ganzi kidogo" bila daraja: neno "kidogo" halitoshi kukupa namba. Ukiweza kukisia daraja kutokana na kazi zilizotajwa, liweke, lakini lionyeshe kuwa ni lako na halikutolewa kliniki.

Tenganisha pia daraja la juu kabisa na hali aliyonayo matibabu yalipokwisha. Homa ya Januari imepita. Ganzi ya vidole inaweza kukaa miezi au miaka, na atakayefikiria kumpa dawa nyingine inayoumiza neva atahitaji kujua mama huyu anaanzia wapi.

Haya yote yakikaa pamoja, ukurasa unakuwa hivi:

> Ugonjwa na lengo: Saratani ya titi, tibakemikali baada ya upasuaji, kwa lengo la kuponya. Hakuna tibakemikali ya awali.
>
> Mpango (mg kwa mita ya mraba): AC kila siku 21 mara 4, doksorubisini 60 na saiklofosfamidi 600; kisha paklitakseli 175 kila siku 21 mara 4. Eneo la mwili 1.60.
>
> Kilichotolewa: AC mizunguko 4 kati ya 4, 8 Januari hadi 24 Machi. Mzunguko wa 2 ulikuwa 48 na 480 kwa sababu ya homa yenye upungufu wa nyutrofili. Wa 3 na wa 4 dozi kamili kwa filgrastimu. Paklitakseli mizunguko 3 kati ya 4, 14 Aprili hadi 26 Mei. Wa 3 ulikuwa 140, wa 4 haukutolewa, sababu niuropathia.
>
> Jumla: doksorubisini 228 (kati ya 240), saiklofosfamidi 2,280 (kati ya 2,400), paklitakseli 490 (kati ya 700).
>
> Ucheleweshaji: AC ya 2, siku 7, nyutrofili 0.9. AC ya 3, siku 5, dawa kukosekana. Paklitakseli haikuchelewa.
>
> Madhara makali (CTCAE toleo la 5): AC ya 1, nyutrofili daraja la 4, homa yenye upungufu wa nyutrofili daraja la 3, alilazwa, alipona. Paklitakseli ya 3, niuropathia ya hisi daraja la 2 kwa maandishi ya daktari. Maelezo ya muuguzi siku hiyohiyo (anavalishwa) yanaelekeza la 3. Inasubiri uthibitisho.
>
> Yaliyobaki 16 Juni: ganzi ya vidole vya mikono na miguu. Msukumo wa moyo asilimia 62 kabla ya AC, asilimia 60 baada ya AC.

Kichefuchefu cha daraja la 1, kunyonyoka nywele na uchovu wa siku mbili tatu sijaviweka. Madhara ya daraja la 1 na la 2 yanaingia pale tu yalipobadilisha dozi au yalipobaki baada ya matibabu. Wengine huweka kila kitu wakihofia kuulizwa, na matokeo yake homa iliyomlaza mtu inasomwa kwa uzito uleule wa mdomo kukauka.

Ukimaliza, mpe mfamasia wa kliniki akague hesabu za dozi kutoka kwenye chati, siyo kutoka kwenye karatasi yako ya kazi. Kisha daktari bingwa asome na kusaini. Kuna mambo matatu ambayo usijaribu kuyamaliza mwenyewe mezani: chati ya mzunguko mmoja ikikosekana kabisa, jumla ya doksorubisini ikikaribia 400 au kuwepo dalili ya tiba ya zamani isiyo na kumbukumbu, na daraja la madhara likiwa na mzozo. Pale chati imekosekana, andika "dozi iliyoagizwa, utoaji haujathibitishwa". Usiijaze kwa kudhani.

Na kama faili lako lina maneno yanayofanana na yale ya vifungo vya nguo, usisubiri ukurasa ukamilike. Mpigie daktari leo, mama aitwe apimwe mikono na miguu na aulizwe kama anaangusha vyombo, anaungua bila kujua au anajikwaa akitembea.